Kutoka Bomba Hadi Bomba: Mita Ngapi?

Shamba la pamba katika Delta ya Naili, kaskazini mwa Misri, linaweza kuzama bila mvua wala mafuriko, kwa maji yanayopanda kutoka chini. Umwagiliaji wa mwaka mzima ulikuwa umeshaanza sehemu nyingi za delta katika karne ya 19, na Bwawa Kuu la Aswani lilipokamilika mwaka 1970 ukaenea kila mahali. Kiasi cha maji kinachozidi mahitaji ya mimea huzama ardhini, na ardhi ya delta ni tambarare, kwa hiyo hakuna mteremko wa kuyaondoa. Uso wa maji ya ardhini ukapanda hadi mizizi ikakosa hewa. Kisha ikaja chumvi. Maji yakiwa karibu na juu, udongo huyavuta kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta ya taa, jua linayakausha, na chumvi iliyokuwa ndani yake inabaki juu kama unga mweupe.

Mwaka 1973 Misri iliunda mamlaka maalumu ya miradi ya kutoa maji mashambani, na tangu hapo mamilioni ya ekari yamefukiwa mabomba yenye matundu: kwanza ya saruji, baadaye ya plastiki yenye mikunjo. Maji ya ardhini huingia kwenye bomba dogo, likayapeleka kwenye bomba kubwa, na bomba kubwa likayamwaga katika mfereji wa wazi. Kazi yenyewe inaeleweka kwa yeyote. Kigumu ni kujua bomba moja likae umbali gani kutoka jingine. Ukiyabananisha, fedha zinazikwa bure. Ukiyatawanya, katikati panabaki majimaji na pamba inakuwa ya manjano.

Ukichimba vishimo kutoka bomba moja hadi la pili utaona kwamba uso wa maji haujanyooka. Umeinama karibu na kila bomba na kupanda katikati, mfano wa tuta. Kwa hiyo mpangaji hutazama kilele cha tuta hilo tu, kwa kuwa mmea ulio katikati ndio wenye maji karibu zaidi na mizizi. Huko delta wapangaji walitaka kilele kiwe mita 1 chini ya ardhi. Tuseme bomba limelazwa kwenye kina cha mita 1.4. Tofauti ni mita 0.4, na hiyo ndiyo nguvu yote tuliyonayo. Sentimita 40 za mwinuko ndizo zinazoyasukuma maji kutoka katikati hadi kwenye bomba.

Kisha inabidi kujua ni maji kiasi gani yatolewe. Misri ilipangia milimita 1 kwa siku. Kiasi hicho kinasikika kidogo, lakini milimita 1 juu ya hekta moja ni lita 10,000, yaani ndoo 500 za lita 20 kila siku, na zote zinapita kwenye udongo kwanza.

Hapo ndipo tunafika kwenye udongo wenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo mradi unapofaulu au kuharibika. Udongo hupitisha maji kwa kasi yake, na kasi hiyo hupimwa kwa mita kwa siku. Njia ya kuipima ni ya zamani na haihitaji maabara. Unatoboa tundu kwa keekee ya mkono, lenye kipenyo cha sentimita 8 hivi, ukishuka vya kutosha chini ya uso wa maji. Unasubiri maji yatulie. Unayateka kwa kopo refu, kisha unapima kwa saa na kamba yenye alama jinsi yanavyorudi kupanda.

Chukua tundu la kina cha mita 1.6, ambalo maji yake yalitulia sentimita 60 chini ya ardhi. Ndani yake mlikuwa na sentimita 100 za maji. Yaliteka-tekwa hadi yakashuka kama sentimita 42, na katika sekunde 100 za kupimwa yakapanda sentimita 3.6. Ukiingiza vipimo hivyo katika kanuni aliyoichapisha Mholanzi Ernst mwaka 1950, unapata mita 0.2 kwa siku. Huo ni udongo wa mfinyanzi unaopitisha maji polepole, lakini unapitisha.

Kuna mitego miwili. Keekee ikizunguka katika mfinyanzi hulainisha kuta za tundu mpaka zikaziba kama chungu kilichopakwa kwa kiganja, na kipimo cha kwanza kinatoka kidogo kuliko ukweli. Dawa yake ni kuteka maji mara mbili tatu kabla ya kuanza kupima, ili maji yanayoingia yazibue vinyweleo. Mtego wa pili ni kuendelea kupima kwa muda mrefu mno. Maji yakisharudi robo ya kile kilichotekwa inafaa kuacha, kwa sababu baada ya hapo uso wa maji kando ya tundu umeshashuka na kanuni haifuati tena.

Tena tundu moja halitoshi kabisa. Shamba lile lile linaweza kutoa 0.1 upande mmoja, 0.2 katikati na 0.4 upande wa pili. Wastani wa kawaida wa hayo ni 0.23. Lakini kasi za udongo hutofautiana kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa, kwa hiyo wapimaji huzidisha vipimo vyote na kutafuta kipeo chake, hapa kipeo cha tatu, kinachotoa 0.2. La sivyo tundu moja lililoangukia kwenye ufa huuvuta wastani juu peke yake.

Sasa tuna kila kitu isipokuwa sakafu. Chini ya mabomba kuna tabaka zito lisilopitisha maji; tuseme liko mita 5 chini ya ardhi, yaani mita 3.6 chini ya bomba. Mholanzi S. B. Hooghoudt, aliyefanya kazi Groningen, alichapisha mwaka 1940 kanuni inayotumika hadi leo:

```
L² = (8·K·d·h + 4·K·h²) / q
```

L ni nafasi kutoka bomba hadi bomba. K ni kasi ya udongo, 0.2. Herufi h ni ule mwinuko wa mita 0.4, na q ni milimita 1 kwa siku, yaani mita 0.001. Sehemu ya kwanza ya juu ni maji yanayopita chini ya usawa wa bomba, na ya pili ni yale yanayopita juu yake.

Herufi d ndiyo kipaji cha Hooghoudt. Mtu angedhani aandike 3.6 mahali pake, kina chote kilichopo chini ya bomba. Lakini maji hayaingii katika bomba kama yanavyoingia katika mfereji mpana. Yanatoka kila upande na kubanana kwenye mdomo mdogo, kama watu wanaotoka uwanjani kwa lango moja, na kubanana huko kunakula nguvu. Hooghoudt alikipunguza kina hicho, akakipa thamani ndogo inayofidia msongamano. Kwa bomba lenye nusukipenyo ya sentimita 5:

```
d = D / (1 + (8·D / (π·L)) · ln(D / (π·r)))
```

Hapa D ni 3.6 na r ni 0.05. Utaona kwamba d inataka L, na L inataka d. Basi hubahatishwa kisha husahihishwa. Nilianza na mita 45: d ikawa 2.2, na L ikatoka 39. Nikaweka 39: d ikawa 2.07, L ikatoka 38. Nikaweka 38: ikarudi 38. Mzunguko umekwisha, mita 38.

Ukipuuza msongamano na kuweka 3.6 moja kwa moja, utapata mita 49. Tofauti ya mita 11 si ndogo. Kwa hekta moja, nafasi ya mita 38 inahitaji mita 263 za bomba, na ya mita 49 inahitaji kama mita 204. Mkandarasi atafurahia hesabu ya pili, lakini uso wa maji hautafika mita 1 katikati.

Kinachonivutia ni jinsi jibu linavyofuata udongo. Kama K ingekuwa 0.1 badala ya 0.2, mita 38 zingekuwa mita 24. Kama ingekuwa 0.4, zingekuwa 58. Kwa hiyo kukosea tundu moja kwa nusu kunabadilisha mradi mzima. Kina kinachotakiwa nacho kina uzito: ukikubali maji ya katikati yakae sentimita 80 badala ya mita 1, nafasi inapanda kutoka 38 hadi karibu 50. Mkulima wa mimea yenye mizizi mifupi ana haki ya kuuliza kama anahitaji mita 1 kamili.

Ardhi nyingine hazifai kwa kanuni hii. Udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa, kama ule wa mabonde mengi ya Afrika Mashariki, unaweza kushuka hadi 0.02. Nafasi ingekuwa mita 8, mita 1,250 za bomba kwa hekta, na hapo ni afadhali kutengeneza matuta na mifereji ya juu. Vilevile kanuni inadhania mtiririko usiobadilika, wakati maji ya umwagiliaji huja kwa vipindi. Kwa wiki ya umwagiliaji, uso wa maji utapanda kuliko hesabu.

Delta imejifunza pia kwamba bomba lisilochagua mazao huleta ugomvi. Mpunga unataka maji yasimame, na bomba chini yake huyavuta bila kukoma. Wakulima waliziba mabomba makubwa kwa tope na nyasi kavu ili kuokoa maji yao, na jirani wa pamba akabaki na shamba lililojaa. Kinachosaidia ni kupanga mtandao wa mabomba kwa mazao ya eneo, wenye malango ya kufungwa upande wa mpunga peke yake.

Ikiwa unalo shamba lenye mabomba na bado lina majimaji, usikimbilie kuongeza mabomba. Chimba vishimo viwili vya kupimia, kimoja katikati ya mabomba mawili na kingine karibu kabisa na bomba, kama nusu mita kando. Maji yakiwa juu katikati lakini chini karibu na bomba, nafasi ni pana mno. Yakiwa juu kotekote, tatizo liko kwenye bomba: matundu yameziba kwa mchanga laini au kutu, au bomba kubwa limezama chini ya maji ya mfereji. Katika hali hiyo bomba jipya pembeni litaziba vilevile. Safisha lile lililopo kwanza, kisha pima tena.