Mkopo nafuu na ghala la baridi

Kampuni moja ya samaki Mwanza, ya kubuni kwa ajili ya hesabu hii, inataka kujenga ghala la baridi kwa shilingi milioni 400. Baada ya kodi, ghala litaingiza milioni 110 kila mwaka kwa miaka mitano. Nusu ya fedha itatoka kwa wanahisa, na nusu, yaani milioni 200, ni mkopo wa masharti nafuu: riba asilimia 6, ilhali mabenki yanatoza asilimia 14. Deni lote linalipwa mwisho wa mwaka wa tano.

Mwaka 1974 Stewart Myers alipendekeza njia ya kupima mradi wa namna hii: thamani ya sasa iliyorekebishwa. Kwanza mradi unapimwa kana kwamba wanahisa wameulipia wote, ndipo faida za mkopo zinaongezwa, kila moja peke yake.

Tuseme wanahisa wasio na deni wangedai asilimia 15. Kwa kiwango hicho, mapato ya miaka mitano yana thamani ya leo ya milioni 368.7. Ukiondoa gharama ya ujenzi, kuna hasara ya milioni 31.3. Ghala lenyewe, basi, halilipi.

Sasa tuje kwenye mkopo. Pengo la riba ni asilimia 8, kwa hiyo kampuni inaokoa milioni 16 kwa mwaka. Thamani yake ya leo ni milioni 54.9, ikipunguzwa kwa asilimia 14. Wengi hutumia ile 6 ya kwenye mkataba, wakapata milioni 67.4, lakini fedha hugharimu bei ya soko, na punguzo ni zawadi juu yake.

Riba pia hupunguza faida inayotozwa kodi, ambayo Tanzania ni asilimia 30 kwa makampuni. Hapa ndipo watu hujikwaa. Kampuni inalipa riba ya milioni 12 tu, kwa hiyo nafuu ya kodi ni milioni 3.6 kwa mwaka, sawa na milioni 12.4 za leo. Anayeikokotoa kwa riba ya soko, milioni 28, huku akihesabu punguzo lote, amehesabu nafuu ya kodi kwa riba ambayo haitalipwa kamwe. Tena nafuu hiyo haipo kwa mwaka ambao kampuni haina faida ya kutozwa kodi.

Ukiondoa milioni 8 za ada za mkopo na mwanasheria, jumla inageuka kuwa faida ya milioni 28.

Kabla ya kutia saini ningeuliza swali moja: je, mkopo huu umefungwa kwenye ghala hili? Kama benki ingewapa fedha hizohizo hata kwa kununua magari ya baridi, punguzo la riba si mali ya ghala. Basi lipimwe kwa mkopo wa bei ya soko: nafuu ya kodi inakuwa milioni 28.8, ada ni zilezile, na ghala linabaki na hasara ya milioni 10.5.