Fungua bekapu ya simu ya zamani kabla ya kufunga akaunti yake

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea simu yake mpya na kuniomba nimsaidie kufunga akaunti ya zamani ya Google. Nafasi ya bure, ambayo ni GB 15, ilikuwa imejaa, na alikuwa amekwisha kufungua akaunti nyingine. Simu aliyoitumia na akaunti ile ya zamani ilikuwa imeingia maji wiki tano nyuma na haikuwaka tena. "Nimeshaanza kusafisha," aliniambia. "Nimefuta bekapu moja ya simu, zimebaki mbili."

Nilimwomba asiguse kitu kingine. Bekapu ya simu ikifutwa haipiti kwenye pipa la taka lile linalohifadhi faili za kawaida kwa siku 30. Inaondoka papo hapo. Ile aliyoifuta tuliiacha hapo, kwa sababu hakuna wa kuirudisha.

Orodha ya bekapu hupatikana ndani ya programu ya Drive, kwenye menyu, sehemu iliyoandikwa "Backups". Kwa mwalimu palikuwa na mbili: ya ile simu iliyoharibika, na ya WhatsApp. Chini ya ile ya simu paliandikwa siku zilizobaki kabla haijafutika yenyewe, jambo ambalo wengi hawalitambui. Simu ya Android isipotumika kwa siku 57, bekapu yake hufutwa bila wewe kubonyeza chochote. Kwa hiyo mtu anayesema simu yake ilikufa mwaka jana, lakini meseji zake zimo winguni, mara nyingi anategemea kitu ambacho hakipo. Mwalimu alikuwa bado ndani ya muda, ila si kwa siku nyingi.

Nikamuuliza simu ile ilikuwa na nini cha maana. Akafikiri kidogo, kisha akataja meseji. Alikuwa amelipia kiwanja kwa awamu kwa njia ya simu, na ushahidi wa kila awamu ulikuwa meseji ya malipo yenye namba ya muamala. Hakuwahi kuziandika popote.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Wanadhani bekapu hufunguliwa kama folda: unaingia, unachagua meseji zako, unazipakua. Haifunguki hivyo. Hata ukiomba data zako zote kupitia takeout.google.com, utapata picha, barua pepe na faili za Drive, lakini bekapu ya simu haimo. Imefungwa kwa namna moja tu ya kuifungua, nayo ni kuirejesha kwenye simu nyingine ya Android, kwa kawaida wakati simu hiyo inaanzishwa upya. Simu inayoipokea isiwe na toleo la Android la chini kuliko lile la simu ya zamani. Tena, tangu Android 9, bekapu hufungwa kwa namba ya siri au mchoro uliokuwa ukifungulia skrini ya simu ile ya zamani. Usipoukumbuka, bekapu iko na haikufai.

Mwalimu alikumbuka mchoro wake. Nilichukua simu ya akiba dukani kwangu, yenye Android 13 wakati ya kwake ilikuwa na 11, nikaifuta yote na kuianzisha upya kwa akaunti yake ya zamani. Ilipouliza inakili data kutoka wapi, tulichagua bekapu ya simu iliyoharibika, naye akachora mchoro. Baada ya dakika kadhaa meseji zikaanza kuingia. Akatafuta jina la muuza kiwanja, akahesabu awamu zake moja baada ya nyingine, zote zipo. Tukazihamisha kwa programu ya kuhifadhi meseji inayotoa faili ya XML, nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye akaunti mpya.

Si kila kitu kilirudi. Programu za kawaida huruhusiwa kuweka kwenye bekapu hiyo data isiyozidi MB 25 kila moja, na mwenye programu anaweza kuamua isihifadhiwe kabisa. Programu yake ya kurekodi sauti ilirudi tupu, na rekodi za mikutano ya kikundi chake cha kuweka akiba hazikuwemo. Ni vizuri kulijua hilo mapema: jina la programu kuonekana kwenye simu mpya halimaanishi vilivyokuwa ndani yake vimerudi.

Bekapu ya WhatsApp ina kanuni zake. Imeungwa na vitu viwili, akaunti ya Google na namba ya simu, na lazima uwe na vyote viwili ili uirejeshe. Ikiwa uliwahi kuiwekea ulinzi wa nywila au ufunguo wa tarakimu 64, unahitaji nao pia. Ugumu wa mwalimu ulikuwa mwingine: alikuwa akitumia WhatsApp kwenye simu mpya, namba ileile, kwa wiki tano. Mazungumzo ya zamani na ya sasa hayawezi kuunganishwa. Ukirejesha ya zamani, yanakaa mahali pa haya mapya.

Kwanza tuliweka mazungumzo ya sasa kwenye akaunti mpya. Kisha tukaingiza namba yake kwenye ile simu ya akiba na kurejesha ya zamani huko, tukazima mara moja bekapu ya kila siku, maana usiku uleule ingeiandika upya ile ya zamani. Mazungumzo aliyoyataka, ya marehemu dada yake na ya muuza kiwanja, tukayatoa moja moja kwa "Export chat". Njia hiyo hubeba meseji 10,000 za karibuni ukichukua na picha, au 40,000 bila picha, na hutoa maandishi ya kusoma tu, hayarudi tena ndani ya WhatsApp. Kisha namba ikarudi kwenye simu yake.

Zilibaki picha, ambazo hazikai kwenye bekapu ya simu bali kwenye Google Photos. Hapo kulikuwa na hatari aliyoiweka mwenyewe bila kujua. Miezi iliyopita alibonyeza "Free up space" simu ilipojaa, na programu ikafuta kwenye simu picha zilizokwisha pandishwa. Tangu siku hiyo nakala pekee ilikuwa ndani ya akaunti aliyotaka kuifunga. Tuliziomba kupitia Takeout, tukasubiri hadi kesho yake, tukapakua mafungu yote, na kufungua picha chache kutoka kila fungu kuona kama zinaonekana. Majina ya watu tuliyatoa kwenye contacts.google.com kwa faili ya vCard.

Ndipo tukafuta bekapu zote mbili. Kisha tukaiondoa akaunti ya zamani kwenye kila kifaa kilichokuwa bado kimeingia, tukianza na simu yangu ya akiba. Hatua hii huachwa sana. Simu ya Android inayofutwa kwa nguvu huku akaunti ikiwa ndani yake hudai akaunti hiyohiyo inapowaka, na kama akaunti imekwisha kufungwa, mwenye simu anaweza kukwama. Mwalimu alikumbuka tableti aliyomwachia mwanawe bwenini, nayo ilikuwa imeingia kwa akaunti ileile. Kwa hiyo tulisubiri hadi likizo kabla ya kubonyeza kufunga.