Mikro inaitika kwenye mashini, lakini ku mkutano hakuna anayekusikia: tatizo liko wapi?

Tangu Januari 2025, vita ilipofika Goma na uwanja wa ndege ukafungwa, baadhi ya mikutano ambayo watu wa Masisi na Walikale walikuwa wanaifuata Goma imehamia kwenye kompyuta. Wauguzi wakuu, wakurugenzi wa shule na viongozi wa vyama wanaunganisha mashini, wananunua forfe ya megabaiti, wanaingia. Kiisha shida inaanza: unasikia wote vizuri, lakini wewe ukisema, jibu ni moja tu: « Hatukusikii. » Unafungua Windows, unasema « moja, mbili », na kamstari ka sauti kanapanda na kushuka. Mikro iko nzima. Sasa sauti inapotelea wapi?

Kwanza tuelewe kale kamstari kanasema nini. Kanaonyesha kwamba sauti imetoka kwenye mikro hiyo na imefika ndani ya Windows. Ni hapo tu. Hakasemi kama programu ya mkutano inasikiliza mikro hiyo hiyo. Zoom, Teams na zingine ziko na orodha yao ya mikro, na zinaweza kuchagua ingine kabisa. Njo maana mashini inaweza kukupa haki, na watu wa ku mkutano nao wakawa na haki.

Tuchukue mfano. Muuguzi mkuu wa kituo kimoja upande wa Nyabiondo anapashwa kutoa hesabu ya wagonjwa wa kuhara wa juma lile na kuomba serumu. Watu watano wako naye chumbani, na sauti ya mashini ni ndogo. Basi wanaunganisha bafle ya Bluetooth na kuiweka dirishani ili wote wasikie. Sauti ya Goma inatoka vizuri. Lakini yeye akisema, kimya. Zamu yake inapita, wanaita kituo kingine, na ombi lake la serumu halikuandikwa.

Kilichotokea ni hiki. Bafle nyingi za Bluetooth ziko na mikro ndogo ndani, juu ya kupokea simu. Ilipounganishwa, Windows iliona vitu viwili: spika na mikro. Programu ya mkutano ikachukua vyote viwili. Kwa hiyo muuguzi alikuwa anasema mbele ya mashini, huku mkutano unasikiliza bafle ya dirishani, ambayo mikro yake ni zaifu ao haifanyi kazi. Naye alipojaribu ndani ya Windows, alijaribu mikro ya mashini, ile yenye jina la « Realtek ». Ndiyo maana kamstari kalipanda.

Kutengeneza si kazi kubwa. Ndani ya mkutano wa Zoom, tafuta picha ya mikro chini, upande wa kushoto. Kando yake kuna kishale kidogo. Ukibofya hapo, orodha ya mikro inafunguka, na ile inayotumiwa iko na alama. Kama alama iko kwenye jina la bafle, mara nyingi lenye neno « Hands-Free », ihamishe kwenye mikro ya mashini. Spika iache kwenye bafle. Mikro na spika zinachaguliwa mbalimbali, hakuna sheria inayosema zikae kifaa kimoja.

Kiisha sema maneno machache na uangalie ile picha ya mikro. Ikijaa rangi ya kijani ukisema, Zoom inapata sauti yako. Alama hii ina maana kuliko kamstari ka Windows. Kama kijani kinapanda na bado hawakusikii, acha mikro, angalia koneksyo. Kama kijani hakisogei hata kidogo na mikro haina mstari mwekundu, shida bado iko kwenye mashini yako.

Kuna sababu ya pili, ambayo watu wengi hawaijui. Windows inaruhusu programu moja ishike mikro peke yake na kufungia zingine mlango. Mara nyingi ruhusa hiyo iko wazi tangu mashini ikiwa mpya. Programu za kurekodi na kukata sauti zinaweza kuitumia, kwa sababu zinataka sauti isiyopitia mchanganyiko wa Windows. Ukiacha programu ya namna hiyo wazi nyuma, mkutano utabisha hodi na kukosa wa kuufungulia.

Utatofautishaje sababu hizi mbili? Usijaribu mikro kabla ya mkutano tu. Jaribu tena ukiwa ndani ya mkutano, programu zote zikiwa wazi. Kama kamstari ka Windows bado kanapanda wakati huo, huenda hakuna aliyeshika mikro. Rudi kwenye orodha ya mikro ya programu ya mkutano. Kama kalikuwa kanapanda asubuhi na sasa kamelala, programu ingine huenda imeishika. Funga programu za sauti moja moja. Ile ambayo ukiifunga sauti inarudi, njo yenye kosa.

Ili isirudi tena, ondoa ruhusa yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika maneno haya, halafu Enter:

```
mmsys.cpl
```

Kadirisha ka « Son » katafunguka. Enda kwenye « Enregistrement », bofya mara mbili mikro unayotumia, halafu « Statistiques avancées ». Chini utaona visanduku viwili. Cha kwanza kinasema « Autoriser les applications à prendre le contrôle exclusif de ce périphérique ». Toa alama hapo, na cha pili kitakosa nguvu. Bofya « Appliquer », funga programu ya mkutano kabisa, kiisha uifungue tena, maana mkutano uliokuwa wazi unaweza kubaki na hali ya zamani.

Ukiwa bado ndani ya « Enregistrement », angalia na jambo hili: Windows inaweka chaguo la kawaida mara mbili. Kuna « Périphérique par défaut » na kuna « Périphérique de communication par défaut », na hili la pili ni la mazungumzo. Vinaweza kuwa vifaa viwili tofauti. Bofya mikro yako kwa upande wa kuume wa kipanya, uipe zote mbili.

Hatua hizi ziko na mipaka. Kuondoa ruhusa kunahusu mikro moja tu. Ukichomeka kaske ya USB, hiyo ni mikro ingine na iko na visanduku vyake. Anayerekodi vipindi anaweza kuona programu yake inakataa kufunguka kwa namna ya zamani. Airudishie alama akimaliza mkutano. Na kama mashini ni ya shirika, inaweza kukuomba neno la siri la msimamizi. Hapo, toa bafle ya Bluetooth, funga programu zingine, na usemee mikro ya mashini yenyewe.

Fanya jaribio dakika kumi mbele ya mkutano, na bafle ikiwa imekwisha kuunganishwa. Ukiiunganisha katikati ya mkutano, mikro inaweza kuhama tena bila kukuambia.