Mirabaha Inavyohesabiwa, na Mahali Inapopotea

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na melodia. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zilizonaswa studio siku fulani na watu fulani. Wimbo "Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na kundi lake la Them Mushrooms la Mombasa likautoa mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M kutoka Ujerumani lilitoa toleo lake. Rekodi hiyo mpya haikuwa mali ya Them Mushrooms, na ilipopigwa redioni waimbaji wa Mombasa hawakuwa na cha kudai kwa sauti ambazo si zao. Lakini utunzi ni uleule, na mtunzi hustahili malipo kila unapotumika, aimbe yeye au aimbe mtu mwingine ng'ambo.

Msanii asiyezitofautisha mali hizi mbili hupoteza fedha bila kujua, kwa sababu kila moja ina njia yake ya malipo na ofisi yake. Nchini Kenya mgawanyo huo umeonekana wazi kwa miaka mingi: MCSK, chama kilichoanzishwa mwaka 1983, kilikusanya kwa niaba ya watunzi na wachapishaji wao, KAMP kikakusanya kwa niaba ya wenye rekodi, PRISK kwa niaba ya waimbaji na wapiga ala. Mtu aliyetunga wimbo, akaugharamia studio na kuuimba mwenyewe, alipaswa kuwa mwanachama wa vyote vitatu. Wengi walijiunga na kimoja wakaona wamemaliza.

Vyama hivi vipo kwa sababu mtunzi mmoja hawezi kuzunguka kila baa, hoteli na kituo cha redio kudai chake. Cha kwanza kilichodumu kilizaliwa Paris. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget aliketi na wenzake katika mkahawa wa Ambassadeurs, akasikia nyimbo zake zikiimbwa pale, akakataa kulipia vinywaji kwa hoja kwamba mwenye mkahawa naye alikuwa akitumia kazi yake bila kulipa. Mahakama ilimpa haki, na mwaka 1851 kikaanzishwa chama cha SACEM kinachofanya kazi hadi leo. Utaratibu ni uleule kila mahali: chama hutoa leseni ya mwaka kwa anayetumia muziki, hupokea ada, hutoa gharama zake, kisha hugawa kilichobaki.

Ugawaji ndio sehemu ngumu. Tuchukue chama cha watunzi kilichokusanya shilingi milioni 100 kwa mwaka, hesabu ya mfano tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zimeweka kikomo cha gharama za uendeshaji kuwa asilimia 30, kwa hiyo watunzi wanabakiwa na milioni 70. Orodha za nyimbo kutoka redioni zinaonyesha kwamba nyimbo zote kwa pamoja zilipigwa mara 3,500,000. Kila mara moja ina thamani ya shilingi 20. Wimbo uliopigwa mara 1,800 umepata shilingi 36,000. Kama mashairi yaliandikwa na mtu mmoja mwenye asilimia 50, na melodia ikatungwa na mwimbaji pamoja na prodyuza kwa asilimia 25 kila mmoja, wa kwanza atapata 18,000 na hao wawili 9,000 kila mmoja.

Hesabu hiyo ni rahisi kwa sharti kwamba tarakimu zake ni za kweli, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Redio inaweza kuleta orodha ya nyimbo ilizopiga. Baa, hoteli na matatu hazileti chochote, japo nazo hulipia leseni. Ada zao zikigawanywa kwa kufuata orodha za redio, jasho la mtu mmoja huingia mfukoni mwa mwingine. Mwanamuziki wa benga anayepigwa usiku kucha katika baa za Kisumu, au wa taarabu anayepigwa harusini Malindi, huhesabiwa kana kwamba hakusikika, na aliyevuma redioni Nairobi hulipwa kwa muziki ambao haukuwa wake. Huu ni udhalimu unaofanyika bila mtu yeyote kuiba hata senti moja. Dawa yake inajulikana: kuchukua sampuli ndani ya kumbi zenyewe, au kuweka vifaa vinavyotambua nyimbo. Vyote viwili vinagharimu, na gharama hiyo hutoka katika ileile asilimia 30.

Chama kisipokuwa na orodha za kuaminika hugawa sawa kwa sawa. Mwaka 2019 MCSK ilipowalipa wanachama shilingi 2,530 kila mmoja, hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki: kiasi kimoja kwa wote maana yake hakuna aliyehesabu nyimbo za nani zilitumika. Agosti 2021 bodi ya hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilivinyang'anya vyama vyote vitatu leseni zao.

Simu na intaneti zina njia nyingine. Kwa milio ya kumsubirisha mpigaji, kama Skiza, sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inataka mwenye haki apate asilimia isiyopungua 52. Msambazaji wa milio asizidi 8.5, na kampuni ya simu isizidi 39.5. Katika kila shilingi 10,000 za kugawanywa, basi, mwenye haki ana 5,200, msambazaji 850, kampuni 3,950. Fungu hilo hulipwa kwa wimbo uliochaguliwa na mteja mwenyewe, kwa hiyo haliyumbishwi na orodha za redio.

Majukwaa ya kusikiliza mtandaoni hukusanya mapato ya nchi au huduma katika fungu moja, kisha huligawa kulingana na sehemu ya kila rekodi katika usikilizwaji wote. Ndiyo maana hakuna bei moja ya kila usikilizwaji. Tangu mwaka 2024 Spotify haiilipi rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 katika miezi 12. La muhimu zaidi ni kwamba msambazaji aliyeupandisha wimbo humletea msanii fedha za rekodi. Fedha za utunzi hupita kwa mchapishaji au kwa chama, na kama utunzi haukusajiliwa huko, hukaa bila mwenyewe, kisha baada ya muda hugawiwa wengine.

Kwa hiyo taarifa ya malipo inapofika, jumla ya chini haitoshi kusomwa. Kwanza hukaguliwa kama kila wimbo uliotoka upo na kama jina lake limeandikwa vilevile katika chama na kwa msambazaji, maana herufi moja ikipishana huweza kuugawa wimbo mmoja kuwa nyimbo mbili, mmoja wao usio na mtu. Pili hukaguliwa asilimia: zikizidi 100 kwa sababu watunzi wamesajili madai yanayogongana, vyama vingi huzuia malipo ya wote hadi wakubaliane, na karatasi ya mgawanyo iliyotiwa saini studio kabla wimbo haujatoka ndiyo humaliza ubishi huo kwa siku moja. Tatu hutafutwa namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, inayoitambulisha rekodi. Wimbo ukiwa na namba hiyo kwa msambazaji lakini haumo kabisa katika taarifa ya chama cha watunzi, tatizo liko kwenye usajili wa utunzi. Ukiwa umesajiliwa kote na bado mara ulizopigwa ni sifuri, ilhali kituo fulani huupiga kila asubuhi, barua ya madai huandikwa kwa chama ikitaja kituo, kipindi na tarehe, ili orodha ya kituo hicho itafutwe.