Mizizi ya Polinomia Iliyofichwa Ndani ya Matriki

Ukiandika `numpy.roots([1, -6, 11, -6])` katika Python, jibu hutoka papo hapo: 3, 2 na 1. Hiyo ndiyo mizizi ya x³ − 6x² + 11x − 6 = 0. Kompyuta haikubahatisha namba moja baada ya nyingine. Iliugeuza mlinganyo kuwa matriki, kisha ikatafuta thamani maalumu za matriki hiyo, yaani namba ambazo kwa vekta fulani kuzidisha kwa matriki ni sawa na kuzidisha kwa namba hiyo tu.

Matriki hiyo huitwa matriki mwenza. Mojawapo ya namna za kuiandika ni hii:

```
0    1    0
0    0    1
6  -11    6
```

Siri iko kwenye mstari wa chini. Mlinganyo wetu unasema x³ = 6 − 11x + 6x², na namba hizo ndizo zilizoandikwa pale. Mistari miwili ya juu inasogeza tu namba za vekta nafasi moja.

Chukua mzizi 2, uandike vipeo vyake: 1, 2, 4. Zidisha kwa matriki. Mstari wa kwanza unatoa 2, wa pili 4, na wa tatu 6 − 22 + 24 = 8. Umepata 2, 4, 8, ambayo ni vekta ileile mara mbili. Sasa jaribu 5, ambayo si mzizi: 1, 5, 25 inageuka kuwa 5, 25, 101, ilhali ilitakiwa 125. Upungufu wa 24 ndiyo thamani kamili ya polinomia pale x inapokuwa 5. Ni mzizi pekee unaoufuta upungufu huo.

Je, matriki inaweza kuwa na thamani maalumu isiyo mzizi? Haiwezi. Tuseme thamani hiyo ni k, na vekta yake inaanza na a. Mstari wa kwanza unalazimisha namba ya pili iwe ka, na wa pili unalazimisha ya tatu iwe k²a. Kama a ni sifuri, vekta yote ni sifuri, jambo lisiloruhusiwa. Basi gawanya kwa a, na mstari wa tatu utasema 6 − 11k + 6k² = k³. Huo ni mlinganyo ule ule tulioanza nao.

Njia hii hulegea mizizi inapojirudia. Kwa (x − 2)³, vekta ya 1, 2, 4 inabaki peke yake, na kosa dogo mno la kukadiria tarakimu huvimba. Kompyuta inayotunza tarakimu 16 hivi huweza kukosea kwenye ya tano baada ya nukta, hata kutoa sehemu ndogo ya namba changamano. Ukiona mizizi mitatu imekusanyika kuzunguka 2 namna hiyo, shuku kwamba ni mzizi mmoja uliojirudia, na urudi kwenye polinomia kuhakiki.