Kilwa ya Mwaka 1572 Chini ya Lenzi

Mwaka 1572, mjini Köln, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha kitabu cha picha za miji kiitwacho Civitates Orbis Terrarum. Karatasi yake moja inaonyesha Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala kwa pamoja. Watu wa pwani wengi wangependa kuitundika ukutani, na ndiyo maana nakala zake zimejaa sokoni. Kuitambua ya asili kunahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, mwanga wa pembeni na subira.

Anza na wino. Ukiona vitone vya samawati, majenta, manjano na nyeusi vimejipanga kwa utaratibu, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa, hata kama karatasi imepakwa rangi ya chai ili ionekane kuukuu. Katika karatasi ya asili iliyotiwa rangi, rangi ya maji ilipakwa kwa brashi: imeenea bila vitone, na mara nyingi inavuka mstari mweusi.

Sasa utazame mstari wenyewe. Picha hii ilitokana na bamba la shaba. Wino ulijazwa ndani ya mifereji, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa hadi ikauvuta, kwa hiyo mistari huinuka kidogo juu ya karatasi. Mfereji uliochimbwa kwa patasi huishia kwa ncha kali, ila uliolika kwa tindikali huwa na ncha butu na kingo zenye mikwaruzo midogo. Kingo za bamba nazo huacha alama ya kudidimia kuizunguka picha. Chapa ya mbao ni kinyume chake: mstari ndio uliobaki juu, hivyo huzama kwenye karatasi, na wino uliosukumwa pembeni hufanya ukingo uwe mweusi kuliko katikati. Chapa ya jiwe haina mbonyeo wala mwinuko, ina chembechembe za kalamu ya mafuta tu. Ukizikuta kwenye Kilwa hii, jibu umeshapata: Alois Senefelder alibuni uchapaji huo mwishoni mwa miaka ya 1790.

Alama ya bamba peke yake isikutoshe. Wachapaji wa karne ya 19 walijua kuhamisha picha kwa mwanga hadi kwenye bamba la shaba, na nakala zao zina mbonyeo na hazina vitone. Hapo karatasi ndiyo shahidi. Iinue dhidi ya dirisha: ya karne ya 16 huonyesha mistari ya wavu wa kutengenezea karatasi, ile mipana ikiachana kwa takriban sentimita mbili na nusu. Geuza nyuma utafute maandishi ya kitabu, kisha upitishe kidole kwenye mkunjo wa katikati. Nakala nyingi zimechapwa picha ya mkunjo, na kidole hakihisi chochote. Chini ya taa ya urujuanimno, karatasi inayong'aa buluu kali kwa kawaida ni ya baada ya mwaka 1950.

Muuzaji akikataa kuitoa kwenye fremu, usimlipe bei ya chapa ya asili.