Oxford Imefikaje Seoul?

Anayejifunza Kikorea kwa filamu ya Parasite (2019) ya Bong Joon-ho huenda akaisimamisha hapa na kupiga picha ya skrini. Baba, Ki-taek, anakagua hati ya chuo ambayo binti yake ameighushi kwa kompyuta. Maandishi ya Kiingereza yaliyo chini yanamfanya aulize kama Oxford wana kozi ya kughushi nyaraka. Oxford inatafuta nini kwenye nyumba ya maskini wa Seoul, iliyozama nusu ardhini?

Picha peke yake haijibu. Rudisha filamu usikilize. Wakorea huitamka Oxford karibu na "Okseupeodeu", na jina la mahali halipotei kirahisi katika matamshi. Hapa halisikiki. Kinachosikika ni "Seouldae", kifupi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Mfasiri, Darcy Paquet, alibadilisha jina ili mtazamaji wa nje aelewe papo hapo kwamba kinachotajwa ni chuo cha juu kabisa.

Kwa hiyo mzaha unasomeka, ila uchungu wake umepungua. Korea Kusini, mtihani wa kuingia chuo kikuu, suneung, hufanywa kila Novemba, na ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Kijana wa Ki-taek ameurudia mtihani huo bila kufanikiwa, na dada yake naye amekosa nafasi ya chuo cha sanaa. Baba anacheka kwamba kama kughushi kungekuwa somo, binti yake angeongoza Seouldae. Anamsifu mtoto kwa mlango ambao umemfungia nje.

Sekunde chache baadaye kijana anajitetea: atakiingia chuo hicho mwakani, yeye ametangulia tu kuchukua hati. Tafsiri inasema ameichapisha mapema. Kitenzi cha Kikorea ni tteda, ambacho maana yake ya kwanza ni kubandua au kung'oa, na ndicho watu wanachokitumia wanapochukua hati ofisini. Nasi tunakata tiketi na kukata leseni bila mkasi. Ukitafuta "kuchapisha" kwenye kamusi hutakipata kitenzi hiki, na hapo ndipo kichekesho kilipo: kijana anaongea kana kwamba amepanga foleni dirishani akahudumiwa na karani.

Ukitaka kumuuliza mwalimu kuhusu picha kama hii, mpelekee na sekunde kumi za sauti, umweleze nani anaongea na nani. Ukiweza, tafuta nakala yenye maandishi ya Kikorea. Yale ya Kiingereza yameandikwa ili msomaji ayamalize kabla picha haijabadilika, na mfasiri mzuri atakitoa mhanga kitenzi chako bila kusita.